Jina lililochomwa kwenye video linafutwaje bila kuacha shimo?

*Jina la mzungumzaji likishachomwa ndani ya picha, huwezi kulizima kama manukuu. Sasa wanaolifuta wanapata wapi picha iliyokuwa nyuma yake?*

Wanaipata kwenye video hiyohiyo, ila kwa wakati mwingine. Pikseli zilizofunikwa na herufi zimepotea kweli katika fremu ile, lakini ukuta au meza iliyo nyuma ya jina haikuwa imefunikwa muda wote. Kwa kawaida jina huingia sekunde moja au mbili baada ya mtu kuanza kuonekana, hukaa kidogo, kisha hutoka naye bado anazungumza. Kwa hiyo kabla ya jina kuna fremu safi, na baada yake kuna nyingine. Kazi ni kukata kipande kutoka huko na kukibandika juu ya jina kwa muda wote linapoonekana.

Tuchukue mfano mmoja. Mama anahojiwa akiwa ameketi mezani, kamera imesimama kwenye tripodi na haitikisiki. Video ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080, fremu 25 kwa sekunde. Jina lake, herufi nyeupe juu ya utepe mweusi unaopitisha mwanga kiasi, linaanza kujitokeza kwenye sekunde ya 2 na kutoweka kabisa kwenye sekunde ya 7. Hizo ni fremu 125 za kurekebisha. Kabla yake kuna fremu 50 safi, na baada yake mazungumzo yanaendelea sekunde kadhaa bila maandishi.

Njia nyepesi kuliko zote ni kugandisha fremu moja ya sekunde ya 1.2, kukata eneo la utepe, na kuliweka juu ya video. Mwenye ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, anamaliza kwa amri mbili:

```
ffmpeg -ss 1.2 -i asili.mp4 -frames:v 1 -vf "crop=720:110:120:880" kiraka.png
ffmpeg -i asili.mp4 -i kiraka.png -filter_complex "[0:v][1:v]overlay=120:880:enable='between(t,1.9,7.2)'" -c:a copy safi.mp4
```

Amri ya kwanza inakata kipande chenye upana wa pikseli 720 na kimo cha 110, kuanzia pikseli ya 120 kutoka kushoto na ya 880 kutoka juu. Ya pili inakirudisha palepale, lakini kati ya sekunde ya 1.9 na ya 7.2 tu. Programu hiyohiyo ina kichujio kiitwacho `delogo`, na wengi hukikimbilia kwa sababu ya jina lake. Hicho hakiangalii fremu nyingine kabisa: kinachukua rangi za pembezoni mwa kisanduku na kuzivuta kuelekea katikati, na matokeo yake ni ukungu unaofanana na kioo kilichopumuliwa. Kwa nembo ndogo kwenye anga tupu kinaweza kupita. Kwa utepe mrefu ulio juu ya meza, sikipendekezi.

Utepe wenyewe una pikseli kama 680 kwa 80, lakini kiraka nimekipa 720 kwa 110, na kuna sababu. Video nyingi hubanwa kwa mtindo wa H.264, ambao huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Mraba ukiwa na ncha ya herufi nyeupe ndani yake, uchafu wa kubana husambaa hadi kwenye pikseli za jirani zisizo na herufi. Ukikata kwa kufuata ukingo wa utepe sawasawa, jina litaondoka na kuacha vijidoa vinavyocheza mahali lilipokuwa. Ongeza pia kivuli cha herufi, ambacho mara nyingi huoni kipo mpaka herufi zenyewe ziondoke.

Kuchagua fremu ya kukatia nako kuna mtego. Jina lililoingia kwa kujitokeza polepole linakuwa limeanza kuonekana fremu kadhaa kabla jicho halijaliona. Wakati wa kutoka, uchafu wa kubana unaweza kubaki kwa fremu chache baada ya herufi kwisha, kwa kuwa fremu nyingi katika video iliyobanwa hujengwa kwa kuazima kutoka kwa jirani zake. Kwa hiyo usichukue fremu inayopakana na jina. Rudi nyuma, au sogea mbele, fremu kumi au kumi na tano. Ukitaka uhakika, weka fremu unayoishuku juu ya nyingine ya mapema zaidi, chagua hali ya kuonyesha tofauti tu, kisha pandisha mwangaza. Kama kuna mabaki ya herufi, yatajiandika wazi kwenye weusi.

Ukiitazama kazi hiyo kwenye simu, itaonekana imekwisha. Iweke kwenye skrini kubwa na mambo mawili yatakusaliti.

La kwanza ni chenga. Kila kamera hutoa chenga ndogondogo zinazobadilika kwa kila fremu, hasa kwenye mwanga hafifu. Kiraka chetu kimegandishwa, kwa hiyo chenga zake zimesimama huku za ukuta wote zikitetemeka. Macho ya binadamu ni hodari wa kugundua kitu kilichokufa katikati ya vitu vinavyocheza, hata kama mtazamaji hawezi kusema ni nini hasa kinachomkera. Dawa ni kutogandisha: badala ya fremu moja, chukua kipande cha video kinachocheza, kama vile sekunde tano za baada ya jina, na ukate eneo lilelile humo. Ikiwa fremu safi ni chache, tafuta wastani wake. Wastani wa fremu 16 hupunguza chenga hadi takriban robo, na unakupa kiraka laini ambacho utakinyunyizia chenga mpya zinazofanana na za video. Kurudiarudia fremu chache kwa mzunguko ndilo jambo ambalo ningeliepuka, maana mzunguko mfupi hujionyesha kwa kupigapiga kama mshipa.

La pili ni mwanga. Wingu likipita dirishani, ukuta wa sekunde ya 1 si ukuta wa sekunde ya 6, na kamera iliyoachwa ijipimie mwanga yenyewe hubadilika pia. Hapa ndipo kuwa na fremu za pande zote mbili kunapolipa. Unaweka kiraka cha kabla na kiraka cha baada, kimoja juu ya kingine, na kuacha cha pili kiingie taratibu: kwenye sekunde ya 2 kinaonekana cha kwanza peke yake, kwenye sekunde ya 4.5 nusu kwa nusu, kwenye sekunde ya 7 cha pili peke yake. Mwanga ukibadilika pole kwa pole, kiraka kinabadilika nao. Halafu lainisha kingo za kiraka kwa pikseli tano au sita zinazofifia, ili tofauti ndogo iliyobaki isichore mstari. Huo ukingo laini haumo kwenye amri mbili za juu. Utaupata kwenye programu yoyote ya kuhariri yenye maski, yaani umbo unalochora kuamua kiraka kionekane wapi.

Yote haya yanahusu kitu kilichotulia. Kwenye sekunde ya 5 mama yule anasogeza mkono, na vidole vinapita chini ya utepe. Kiraka kinaonyesha meza tupu, basi vidole vinakatika ghafla kwenye mstari wa kiraka. Hili ndilo kosa linaloonekana hata kwa asiyejua chochote kuhusu uhariri. Kwa fremu hizo chache, punguza maski. Usifunike utepe mzima. Funika herufi peke yake na pambizo dogo, kwa sababu kati ya herufi utepe unapitisha picha, na picha hiyo ni ya kweli. Kama utepe unaficha asilimia 60, asilimia 40 ya mkono bado imo humo. Unaondoa mchango wa rangi ya utepe, kisha unagawanya kilichobaki kwa 0.4, na mkono unarudi. Gharama yake ni kwamba chenga na uchafu wa kubana navyo vinakuzwa mara mbili na nusu. Kwa nusu sekunde ya mkono unaosogea, inavumilika. Vipande vidogo vya kidole vilivyo chini ya herufi zenyewe huazimwa kutoka fremu ya jirani ambayo kidole kimesogea kidogo, na hiyo ni kazi ya mkono, fremu kwa fremu.

Kamera inapotembea, mambo yanageuka kwa namna ya kufurahisha. Jina limesimama kwenye skrini, lakini ukuta unapita nyuma yake. Kwa hiyo sehemu iliyofichwa sasa hivi itachomoza upande wa pili baada ya muda, na huhitaji kusubiri jina liondoke. Tuseme kamera inageuka kwenda kando na ukuta unasogea pikseli 8 kwa fremu. Sehemu iliyoingia tu nyuma ya utepe wa pikseli 680 itatokea upande wa pili baada ya fremu 85, yaani zaidi ya sekunde tatu. Kamera ikiinuka au kushuka kwa kasi hiyohiyo, utepe una kimo cha pikseli 80 tu, na sehemu ile inafichuka baada ya fremu 10. Ndiyo maana mtikisiko mdogo wa kwenda juu na chini, ambao mpiga picha angeuonea aibu, humsaidia mfutaji kuliko mzunguko mzuri wa kwenda kando.

Kiraka cha namna hii lazima kitembee na ukuta. Programu hufuatilia alama za ukuta fremu hadi fremu na kukipinda kiraka kwa pembe zake nne ili kilingane. Hesabu hiyo inafaa kwa kitu bapa. Kamera ikihama kutoka mahali pake, meza iliyo karibu hukimbia kuliko ukuta ulio mbali, kwa hiyo kila kimoja kinahitaji kiraka chake chenye mwendo wake. Ukivitia vyote katika kiraka kimoja, utaona ukingo wa meza ukiteleza, jina likiwa limeshafutwa.

Kuna picha zisizo na fremu safi hata moja: jina limewekwa tangu mkato wa kwanza hadi wa mwisho, kamera imesimama, mtu hasogei. Kabla ya kukata tamaa, pekua kipindi kizima. Mahojiano hukatwakatwa, na mtu huyohuyo akiwa kwenye kiti kilekile mara nyingi hurudi baadaye bila jina, kwa kuwa ameshatambulishwa. Ukuta wa huko unatumika hapa, ukirekebisha rangi kidogo. Uliza pia kama kuna nakala safi isiyo na maandishi, maana vituo vingi huihifadhi kwa ajili ya kuuza kipindi katika lugha nyingine, na simu moja inaweza kukuokolea kazi ya siku nzima. Na kama shida yenyewe ni jina lililokosewa herufi, chora utepe mpya usiopitisha mwanga, mkubwa kuliko wa zamani kwa pikseli 16 kila upande, uingie fremu chache kabla yake na utoke fremu chache baada yake.