Kwa nini shamba huchukua miezi kupigwa mnada na gari huondoka kwa siku chache?

"Nikiweka taito ya shamba au logibuku ya gari nikope, halafu nishindwe kulipa, wanaweza kuja kuchukua mali kesho yake?"

Shamba, hapana. Gari, karibu ndiyo. Tofauti hiyo ndiyo watu wengi hawaijui wanapotia sahihi, na wengine huijua siku gari linapokokotwa mbele ya watoto.

Tuanze na shamba, maana sheria ya Kenya imelilinda zaidi. Unapokopa kwa taito, shamba halihamii kwa benki. Linabaki lako, ila rehani inaandikwa kwenye rejista ya ardhi. Ukienda kufanya upekuzi, kadi ya shamba ina sehemu 3: A inaeleza shamba lenyewe, B inamtaja mwenyewe, na C inaonyesha madeni na vizuizi. Jina la benki linakaa C. Kama ni shamba la kilimo, lazima kuwe na idhini ya bodi ya ardhi, na kama ni nyumba ambamo familia inaishi, mume au mke naye lazima atie sahihi. Rehani iliyokosa sahihi hiyo ina shimo kubwa mahakamani, ndiyo maana benki husisitiza wote wawili wafike.

Sasa tuseme mwalimu fulani amekopa shilingi 1,500,000 kwa shamba lake lenye thamani ya shilingi 3,000,000. Mshahara unasimama, na malipo ya tarehe 1 Februari hayaendi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 90, inataka deni likae mwezi mzima bila kulipwa kabla benki haijatuma notisi ya kwanza. Hiyo inatufikisha mwanzo wa Machi. Notisi inapaswa kutaja kosa, kiasi anachotakiwa kulipa, na muda usiopungua miezi 3 wa kulipa. Tumefika mwanzo wa Juni.

Miezi hiyo ikipita bila malipo, benki inatuma notisi ya pili, ya kuuza, chini ya kifungu cha 96. Hiyo ni siku 40, na nakala yake inatakiwa pia kumfikia mke au mume aliyetoa idhini na mtu aliyesimama kuwa mdhamini. Hapo ni katikati ya Julai. Ndipo dalali anaingia. Naye hawezi kuruka moja kwa moja kwenye mnada: kanuni za madalali zinampa mwenye shamba siku 45 za kukomboa mali yake, kisha mnada usifanywe kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ukihesabu vizuri, hata benki ikiharakisha kila hatua, mwalimu wetu anafika mapema Septemba. Ni miezi 7 hivi tangu malipo ya kwanza kukwama.

Miezi 7 ni muda mrefu wa kutafuta njia, lakini nimeona watu wakiupoteza kwa sababu moja tu: barua hazikuwafikia. Notisi zinatumwa kwa anwani iliyoandikwa kwenye hati ya rehani. Mtu alitia sahihi akiwa na sanduku la posta la shule, akahamishwa, sanduku likabaki na wengine. Bahasha zinakaa pale zikirundikana, na yeye anasoma jina la shamba lake gazetini. Ukibadilisha anwani, iandikie benki barua na ubaki na nakala yenye muhuri wao. Ni kazi ya nusu saa.

Ndani ya muda huo wote, haki ya kukomboa bado iko hai. Mwalimu anaweza kulipa, au kujadiliana apangiwe malipo upya, au hata yeye mwenyewe kutafuta mnunuzi kwa makubaliano na benki, jambo ambalo mara nyingi huleta bei nzuri kuliko mnada. Lakini nyundo ya dalali ikishagonga na mnunuzi kukubaliwa, mlango huo umefungwa. Kuja na pesa kesho yake hakusaidii. Baada ya hapo, ikiwa hatua zilirukwa, mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia kutoka kwa benki, si kulipata shamba lenyewe. Kwa hiyo mwenye malalamiko ya kweli, kama vile notisi kutotumwa, aende mahakamani kabla ya mnada.

Na bei je? Benki haiwezi kuuza kwa bei yoyote ilimradi ipate deni lake. Kifungu cha 97 kinaitaka itafute bei bora inayoweza kupatikana, na kabla ya kuuza ifanye tathmini. Tathmini anayotumia dalali isiwe imezidi miezi 12. Bei ikishuka kwa robo au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inaanza kwa kudhania benki imekosea, na ni benki itakayojitetea. Kwa shamba la shilingi 3,000,000, mstari huo uko kwenye shilingi 2,250,000.

Tuseme limeuzwa kwa shilingi 2,300,000. Deni pamoja na riba limefika 1,650,000, na gharama za mnada na mawakili ni 170,000. Zinabaki shilingi 480,000, na hizo ni za mwalimu, ikiwa hakuna mwingine mwenye rehani baada ya benki. Wengi hawaziulizii kabisa. Omba hesabu iliyoandikwa, mstari kwa mstari.

Gari ni mambo mengine. Kwa logibuku, mkopeshaji huandikishwa NTSA kuwa mmiliki pamoja nawe, kwa hiyo huwezi kuliuza bila yeye. Mara nyingi pia linafungwa kifaa cha kulifuatilia, na bima kubwa ni lazima. Hapa hakuna ile ngazi ya notisi ya miezi 3 na siku 40. Kinachotawala zaidi ni mkataba ulioutia sahihi, na mikataba mingi inampa mkopeshaji ruhusa ya kulichukua mara unapokosa malipo. Sababu inaeleweka: shamba halitoroki, gari linaweza kuvuka mpaka usiku mmoja, na thamani yake inashuka kila mwezi.

Likishakokotwa, kila siku linalokaa yadi inaongeza ada ya maegesho, juu ya gharama ya kulikokota na ada ya dalali. Deni la shilingi 60,000 linaweza kufika 90,000 kabla hujapata pa kukopa. Na likiuzwa kwa bei ndogo kuliko deni, salio bado ni lako. Gari limekwenda na deni limebaki. Ukiona mwezi huu huwezi, mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe ya malipo na uombe jibu kwa maandishi.

Na ukimaliza kulipa, usifurahie taito iliyorudishwa mkononi peke yake. Fanya upekuzi tena uangalie sehemu C. Rehani ikiwa bado imeandikwa pale, dai hati ya kuiondoa na uhakikishe imesajiliwa. Kwa gari, hakikisha jina la mkopeshaji limeondolewa NTSA kabla hujampeleka mnunuzi kuliona.