Lenzi ya mtoto wa jicho: nani hulipa tofauti ya bei?

Dhana: Bima hulipia lenzi ya kawaida kwa sababu ni hafifu.

Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, lenzi ya asili iliyofanya ukungu huondolewa na kuwekwa ya bandia. Lenzi ya bandia ya kawaida hukaa jichoni maisha yote, sawa na ile ya bei ya juu. Huonesha vizuri kwa umbali mmoja, aghalabu mbali, na kwa kusoma utavaa miwani. Kwa mtazamo wa bima, kazi imekwisha: ukungu umeondolewa. Lenzi ya toriki, inayorekebisha mpindo usio sawa wa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na lenzi ya vitovu vingi, inayogawa mwanga kwa mbali na karibu, huongeza jambo jingine: kupunguza haja ya miwani. Mikataba mingi huliita hilo hiari ya mgonjwa.

Dhana: Bima ya asilimia 90 hulipa asilimia 90 ya bei yoyote.

Hapa ndipo watu wengi hushtukia ankara. Asilimia hukokotolewa juu ya gharama inayokubaliwa na mkataba tu. Tuseme upasuaji wenye lenzi ya kawaida ni 1,000, na lenzi yenyewe imo humo kwa 150. Ukichagua ya vitovu vingi, lenzi inakuwa 450, vipimo vya ziada 100 na ada ya ziada ya daktari 200. Jumla 1,600. Bima inatoa 900. Wewe unalipa 100 ya mchango wako, kisha 600 yote ya tofauti: 700, wala si 160 uliyotarajia.

Angalia pia kwamba lenzi zenyewe zimepishana kwa 300 tu. Nusu ya pili ya ile 600 ni huduma. Kwa hiyo omba makadirio mawili yaliyochanganuliwa, moja kwa kila lenzi, uyapeleke kwenye bima kabla ya kusaini chochote. Uliza swali moja kwa maandishi: nikiongeza fedha zangu, mtalipa sehemu ya lenzi ya kawaida, au mtakataa dai zima? Mikataba haifanani, na kibali cha awali kilichotaja lenzi ya kawaida kinaweza kuleta mzozo ukiwekewa nyingine.

Dhana: Ukishalipa tofauti, umemaliza.

Lenzi ya toriki ikizunguka digrii 10 kutoka mahali pake, hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu yake ya kurekebisha; ikifika 30, haina faida tena. Kuirudisha ni upasuaji mwingine. Ya vitovu vingi huweza kuleta duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na mwenye ugonjwa wa sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kawaida hashauriwi kuiweka. Wengine huishia kubadilishiwa. Ulizia mapema nani atalipa marekebisho hayo, maana bima huweza kuyahesabu kuwa matokeo ya hiari yako.

Utando wa nyuma ya lenzi ukifanya ukungu miezi au miaka baadaye, hilo ni suala tofauti. Hutokea kwa lenzi yoyote, na leza ya kuufungua ni tiba. Bima ikilikataa dai hilo kwa kisingizio cha lenzi uliyochagua, kata rufaa.