ORS na zinki kwa mtoto anayeharisha: maji kiasi gani, vijiko vingapi, kidonge kizima au nusu

Wazazi wengi wanaokuja kliniki kwetu wakiwa na mtoto anayeharisha wanakua tayari wameshapewa ORS na zinki, iwe zahanati au duka la dawa, kwahiyo dawa ipo nyumbani. Ukimuuliza sasa mama umempaje ndo unasikia mambo. Mmoja anachota unga wa ORS kijiko kimoja anatia kwenye kikombe, pakiti iliyobaki anaikunja anaweka kabatini. Mwingine anatia pakiti nzima kwenye chupa ndogo ya nusu lita kwasababu mtoto ni mdogo, lita nzima atamaliza saa ngapi. Na zinki kampa siku tatu, kuharisha kumeacha, akaona basi. Wote wana nia nzuri kabisa ila mtoto hajapata dawa inavyotakiwa, so leo naongelea vipimo tu, kwa umri, taratibu.

Tuanze na pakiti. Pakiti nyingi za ORS tunazotumia ni za lita moja, ndani kuna gramu 20.5 za glukosi, chumvi, potasiamu na sitreti, na uwiano huo umepimwa uende na lita moja ya maji, sio pungufu sio zaidi. Ila soma pakiti yako kwanza, maana kuna zingine ni za nusu lita na zingine za mililita 200, hasa zile zinazouzwa pamoja na zinki kwenye boksi moja. Kilichoandikwa pale ndo kiasi cha maji cha kutia, na pakiti inamiminwa yote kwa mara moja. Usigawe unga, kwasababu ule mchanganyiko haujakaa sawa ndani ya pakiti, kijiko cha kwanza kinaweza kuja na chumvi nyingi na cha mwisho sukari nyingi, huwezi kujua.

Kwanini nasisitiza maji? Ukuta wa utumbo una milango midogo ambayo glukosi na chumvi zinapita pamoja, na zikipita zinavuta maji kuingia mwilini, na milango hii inaendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha sana. Ukiweka maji kidogo, dawa inakua kali, inafanya kinyume chake, yani inavuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo, mtoto anaharisha zaidi na chumvi inapanda kwenye damu, anakua na kiu kali, anasumbuka, anaweza hata kupata degedege. Ukiweka maji mengi kupita kiasi, chumvi na sukari zinakua chache hazitoshi kurudisha kilichopotea. Kwa sababu hiyohiyo usiongeze sukari wala juisi ili mtoto apende, na soda haiwezi kua mbadala maana sukari yake ni nyingi mno na chumvi karibu hakuna.

Lita utaipimaje nyumbani? Chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita moja inatosha, au ya nusu lita ukijaza mara mbili. Ioshe vizuri, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji, na kama hayo hayapo kabisa kwa wakati huo tumia yale safi kuliko yote uliyonayo, usimwache mtoto bila ORS kisa maji hayajachemshwa. Mimina unga, tikisa mpaka uyeyuke wote, funika. Usichemshe baada ya kuchanganya. Andika saa uliyochanganya au ikariri, maana baada ya masaa 24 kilichobaki kinamwagwa na unachanganya pakiti mpya. Najua inauma kumwaga, ila kinywaji chenye sukari kilichokaa siku nzima kinazalisha vijidudu.

Sasa kiasi cha kumpa. Mtoto ambaye hajaanza kuishiwa maji, yani anacheza, anakojoa, macho hayajaingia ndani, anapewa ORS kila baada ya choo cha majimaji: chini ya miaka 2 ni mililita 50 mpaka 100, miaka 2 mpaka 10 ni mililita 100 mpaka 200. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, kwahiyo mililita 50 ni vijiko 10 na mililita 100 ni vijiko 20. Kikombe chako usikikadirie kwa macho, chukua ile chupa ya nusu lita ujaze kikombe uone kinajaa mara ngapi. Kikijaa mara mbili ujue kinabeba 250, basi mililita 100 ni chini kidogo ya nusu yake. Kipime siku moja tu utakua umeshajua.

Mtoto mdogo mpe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili, mkubwa anywe mwenyewe kwa kikombe funda dogodogo. Hapa kwenye kasi ndo wengi wanakwama. Mtoto ana kiu, anashika kikombe anagugumia chote, dakika mbili anatapika, mama anasema ORS inamtapisha anaacha. Akitapika subiri dakika 10, alafu anza tena taratibu zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Hata akitapika, sio yote inatoka.

Anayenyonya aendelee kunyonya tena mara nyingi zaidi, na hata yule wa chini ya miezi 6 anayenyonya tu maziwa ya mama anapewa ORS juu ya maziwa, haiharibu kitu. Anayekula aendelee kula. Ila mtoto wa chini ya miezi 2 akiharisha msikae naye nyumbani kupima vijiko, mpelekeni kituoni, njiani anyonye.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miezi 9, kilo 8, kaharisha mara 6 leo, bado mchangamfu. Kila choo mililita 50 mpaka 100, kwahiyo kwa siku ni kati ya mililita 300 na 600, ina maana lita moja inamtosha siku nzima na inabaki. Kesho yake unachanganya nyingine, ndo maana tunapenda mzazi aondoke na pakiti mbili angalau.

Tuseme kesho yake mchana macho yameingia ndani, anasumbuka, akiona kikombe anakirukia kwa kiu, na ukibana ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu ukaachia inarudi taratibu badala ya kurudi palepale. Ukiona dalili mbili kati ya hizo, huyo ameshaanza kuishiwa maji na hesabu inabadilika, anatakiwa kituoni, apewe mililita 75 kwa kila kilo ndani ya masaa 4 huku akiangaliwa. Kilo 8 mara 75 ni mililita 600. Kwa saa ni 150, yani vijiko 30, kimoja kila dakika mbili, na anayekaa naye na kijiko ni mama mwenyewe, nesi anapita kuangalia. Kama hakuna mzani wanatumia umri: mpaka miezi 4 ni mililita 200 hadi 450, miezi 4 mpaka mwaka ni 450 hadi 800, mwaka mpaka miaka 2 ni 800 hadi 960, miaka 2 mpaka 5 ni 960 hadi 1600. Akitaka zaidi anaongezewa. Kope zikianza kuvimba basi amepata nyingi, ORS inasimama, anapewa maji ya kawaida au ananyonya. Masaa 4 yakiisha anapimwa upya, kama yuko vizuri anarudi kwenye ile ya kila choo.

Usingoje hata hizo dalili kama mtoto amelegea hashtuki, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au choo kina damu. Hapo ni kituoni moja kwa moja na chupa ya ORS mkononi, kama anaweza kumeza mpe njiani.

Sasa zinki, na hapa niseme kitu kinachowakatisha watu tamaa: ORS haifungi kuharisha. Inarudisha maji yanayopotea, basi, kuharisha kunaweza kuendelea siku kadhaa na dawa ikawa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Anayesaidia kupunguza siku na wingi wa choo ni zinki, maana mtoto anayeharisha anapoteza zinki nyingi na utumbo unaihitaji kujirekebisha. Chini ya miezi 6 ni mg 10 kwa siku, miezi 6 na kuendelea mpaka miaka 5 ni mg 20 kwa siku, mara moja tu kwa siku, siku 10 mpaka 14. Kidonge kingi ni cha mg 20, kwahiyo mdogo anapata nusu, mkubwa kizima. Karatasi ya vidonge 10 inamtosha yule wa miezi 9 siku 10, na kwa mtoto wa miezi 4 siku hizohizo 10 anatumia vidonge 5 tu. Kama umepewa ya maji, soma kwenye chupa mg ngapi ziko kwenye mililita 5, zinatofautiana.

Kidonge usimpe mtoto amung'unye. Kiweke kwenye kijiko, tia maji safi kidogo au ORS, subiri kiyeyuke chenyewe, mpe chote. Wa chini ya miezi 6 tumia maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kina ladha ya bati, atakunja uso, na wengine wanatapika. Akitapika ndani ya nusu saa mpe dozi nyingine, na anza na ORS kwanza tumbo litulie. Kuna utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Delhi ukatoka mwaka 2020, walilinganisha mg 5, 10 na 20 kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, dozi ndogo zilisaidia sawa na zilitapisha kidogo. Kwahiyo mtoa huduma akikuandikia pungufu ya mg 20 usidhani amekosea, fuata alichokuandikia.

Siku ya tatu mtoto kapona, zinki inaendelea mpaka siku 10. Sio kwa ajili ya kuharisha huku tu, inampunguzia kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo, na ukikatisha ndo unapoteza hiyo faida. Dawa za kufunga choo za watu wazima usimpe mtoto kabisa, na antibayotiki sio za kila kuharisha, zinahitajika kama kuna damu au daktari ameona sababu. Na kama zinki imefika siku ya 14 mtoto bado anaharisha, usinunue karatasi nyingine dukani, mrudishe kituoni apimwe uzito na achunguzwe, maana kuharisha kwa wiki mbili kuna sababu zake zingine na matibabu yake ni tofauti.