Mgeni, hali fiche na kusitisha historia: tofauti yake kwenye YouTube

Mpwa wangu wa miaka minne alikuja kukaa nasi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, na simu yangu ikawa yake. Jumatatu asubuhi nilipofungua YouTube nitafute mambo ya chanjo za kuku, ukurasa wa mwanzo ulikuwa umejaa katuni na nyimbo za watoto. Rafiki yangu akaniambia, "Ungetumia incognito tu." Hakukosea, ila incognito, yaani hali fiche, ni moja tu ya njia tatu watu wanazozichanganya, na kila moja inafanya kazi yake.

Mapendekezo ya ukurasa wa mwanzo hutegemea zaidi kumbukumbu zilizo chini ya akaunti yako: ulichotazama, ulichotafuta, ulichopenda na chaneli unazofuatilia. YouTube haijui nani ameshika simu, inajua akaunti tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila njia ni hili: video hii inaandikwa kwa jina la nani?

Ukisitisha historia ya kutazama, unabaki ndani ya akaunti yako, lakini video mpya haziandikwi, wala hazitumiki kukupangia mapendekezo. Za zamani zinabaki palepale na zinaendelea kutumika mpaka uzifute mwenyewe. Historia ya utafutaji ina swichi yake tofauti, kwa hiyo mtoto akitafuta "katuni" wakati umesitisha ya kutazama pekee, utafutaji huo bado unahifadhiwa. Na akibonyeza alama ya kupenda au akijiunga na chaneli, hayo nayo yanaingia kwenye akaunti kama kawaida.

Shida kubwa ya njia hii ni kusahau kuirudisha. Tangu Agosti 2023, mtu aliyezima historia na asiye na kumbukumbu za kutosha za nyuma anaweza kufungua YouTube akakuta ukurasa wa mwanzo mtupu, wenye sehemu ya kutafutia na menyu tu. Wengi hudhani programu imeharibika, wakafuta na kupakua upya, na ukurasa ukabaki vilevile, kwa sababu mpangilio huo umo kwenye akaunti, haumo kwenye simu.

Hali fiche ni jambo jingine. Ndani ya programu ya YouTube, ukigusa picha ya akaunti yako na kuchagua "Turn on Incognito", unakuwa kama mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti yoyote. Chaneli unazofuatilia hazionekani, na utakachotazama hakigusi mapendekezo yako. Kwenye kivinjari kama Chrome, dirisha fiche linaanza bila vidakuzi vyako vya kawaida, zile faili ndogo ambazo tovuti hutumia kukutambua, na vipya vinafutwa ukishafunga madirisha fiche yote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafungua dirisha fiche, kisha wanaingia kwenye akaunti yao ya Google ili waone chaneli zao. Ukishafanya hivyo, kila video inaandikwa kwa jina lako kama siku zote. Kampuni inayokuuzia intaneti nayo bado inaona kuwa umetembelea YouTube, hata ukiwa ndani ya dirisha hilo.

Hali ya mgeni, yaani "Guest" ya Chrome kwenye kompyuta, inaenda mbali zaidi kidogo. Dirisha fiche bado lina alamisho zako na linaweza kukujazia nywila ulizohifadhi, ila mgeni havioni kabisa. Ndiyo ninayompa mtu anayeomba kompyuta yangu, kwa sababu hawezi kuingia kwenye akaunti yangu kwa bahati mbaya. Akiingia kwenye yake, historia inakwenda kwake.

Kutokuingia kwenye akaunti hakuna maana kwamba hakuna mapendekezo. Orodha inayotokea chini au pembeni ya video bado inafuata video inayochezwa, na eneo ulipo pia linahesabiwa. Kwa hiyo mtoto aliye kwenye hali fiche ataendelea kuletewa katuni baada ya katuni.

Mimi nilikuwa nimeshachelewa. Nilifungua ukurasa wa historia, nikakuta katuni zote zimepangwa kwa siku, na hapo nikajua ziliandikwa kwangu. Kama zisingekuwemo, ningejua chanzo ni kingine, labda utafutaji au chaneli aliyojiunga nayo. Nilifuta za Ijumaa hadi Jumapili moja moja, nikafuta na utafutaji wa siku hizo, kisha nikakagua chaneli nikakuta mbili ambazo sikuwahi kujiunga nazo. Kufikia mwisho wa wiki kuku walikuwa wamerudi kwenye ukurasa wangu. Mpwa wangu anakuja tena mwezi ujao, na simu nitampa ikiwa tayari kwenye hali fiche.