Aliyewekewa amana ni nani: maneno mawili kuhusu "mteja mwaminifu" na VIP wa kubeti

Shemeji yangu amepandishwa daraja. Alinionyesha simu sebuleni kwangu, uso umemjaa furaha: "Hongera, sasa wewe ni mteja wetu mwaminifu wa daraja la Dhahabu." Chini yake kulikuwa na ujumbe wa binti aliyejitambulisha kuwa meneja wake binafsi. Shemeji akaniambia, "Hawa jamaa wanajua kuthamini uaminifu wa mtu." Ni mara ya nne au ya tano mwaka huu nasikia maneno hayo kwa mtu mzima anayejua kupiga hesabu, na nimeshindwa kuvumilia.

Maana yenyewe haina kona. Mpango wa wateja wa VIP ni utaratibu ambao kampuni inahesabu pesa unazopitisha kwake, inakupanga kwenye daraja kwa hesabu hiyo, halafu inakurudishia kisehemu kwa njia ya beti za bure, marejesho, tiketi za mechi au mtu wa kukupigia simu. Ukipunguza kupitisha pesa, unashushwa. Basi.

Kinachonikera ni neno "mwaminifu". Amini, amani, imani na amana ni ndugu wa tumbo moja, wote wamezaliwa na mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa Kiswahili chetu, mwaminifu ni mtu unayemwachia kitu akakirudisha kama kilivyo. Karani wa duka anaitwa mwaminifu kwa sababu ameachiwa kasha la pesa. Mama wa kijumbe ni mwaminifu kwa sababu michango ya kikundi inalala kwake. Uaminifu unapimwa kwa yule aliyeshika, si kwa yule aliyetoa. Sasa tazama nani ameshika nini hapa. Shemeji ndiye anayetuma pesa. Kampuni ndiyo iliyopokea. Kama kuna wa kuitwa mwaminifu au kukosa sifa hiyo, ni kampuni. Kumwita mteja mwaminifu kwa kuwa ametoa sana ni sawa na kumwita mwaminifu mtu aliyeacha pochi yake dukani.

Waingereza walituletea wazo hili na neno lao, "loyal", ambalo kwa asili linatoka kwenye Kilatini cha sheria, likapitia Kifaransa: mtu anayeshika kiapo chake kwa bwana wake. Sisi tulipotafsiri, tukachukua "uaminifu" kwa kuwa lilikuwa karibu. Limekaa vibaya. Neno tulilokuwa nalo tayari, na ambalo kila Mtanzania aliyefuatilia siasa analifahamu, ni "takrima".

Takrima nayo ina ukoo wake: karimu, karamu, ukarimu. Ni kumheshimu mgeni kwa kumpa kitu. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu mgombea kutoa takrima kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikayafuta masharti hayo kwa kuwa yanakwenda kinyume cha Katiba. Watu wa mitaani hawakuhitaji hakimu kuelewa. Pilau linalopikwa wiki moja kabla ya kura lina jina la ukarimu, lakini mpishi anajua anachokitaka. Vya bure vya kasino ni vya ukoo huohuo wa pilau lile, tofauti ni kwamba vyenyewe vinapimwa kwa kikokotoo.

Na vimepimwa zamani. Kasino za Las Vegas zina hesabu ambayo mfanyakazi yeyote wa meza anaijua: wastani wa dau, mara idadi ya michezo kwa saa, mara saa ulizokaa, mara asilimia inayobaki kwa kasino. Jibu linalopatikana ni kiasi unachotarajiwa kupoteza. Kumbuka, unachotarajiwa, si ulichopoteza usiku ule. Halafu sehemu ya kiasi hicho, mara nyingi robo au theluthi, inarudi kwako ikiwa chumba cha hoteli na chakula cha jioni. Kampuni ya kasino ya Harrah's ndiyo iliyolifanya jambo hili kuwa la kadi na kompyuta kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiongozwa na Gary Loveman, aliyekuwa mwalimu wa biashara pale Harvard. Leo simu yako inafanya hesabu hiyo bila wewe kubeba kadi.

Tumfanyie shemeji hesabu yake. Anacheza ruleti ya kwenye simu, gurudumu lenye vyumba 37 vya namba. Ukibashiri namba moja ikatoka, unalipwa 35 na kurudishiwa dau lako, jumla 36. Chumba kimoja kinachokosekana ndicho mkate wa kampuni. Kwa wastani, katika kila 100,000 zinazowekwa mezani, kama 2,700 zinabaki kwao. Ni kidogo, na ndiyo maana haiumi.

Daraja la Dhahabu linataka mzunguko wa shilingi 5,000,000 kwa mwezi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mzunguko si pesa ulizotuma. Ni jumla ya madau yote. Ukituma 200,000, ukashinda, ukaweka tena, ukaliwa, ukashinda, ile 200,000 inaweza kuhesabiwa mara ishirini kabla haijakwisha. (Uwanja wa Mkapa, "mzunguko" ni viti vya bei ya chini kabisa. Kwenye kubeti, mzunguko ndio unaokufanya VIP. Sijui nani alipanga utani huu.) Kwa dau la 5,000, shemeji anahitaji kucheza mara 1,000. Ruleti ya simu haimsubiri mtu, mara 200 kwa saa si ajabu, kwa hiyo ni kama saa tano tu kwa mwezi mzima. Katika 5,000,000 hizo, anachotarajiwa kuacha ni kama 135,000.

Zawadi yake ni beti ya bure ya 40,000. Inasikika vizuri mpaka usome masharti: ukishinda unapewa faida tu, lile dau lenyewe halirudi. Akiiweka yote kwenye rangi nyekundu, ana nafasi 18 katika 37 za kupata 40,000. Kwa hiyo thamani yake ni kama 19,500. Ameacha 135,000, amekirimiwa 19,500, na anashukuru.

Shemeji akanijibu kwamba mbona kuna miezi anatoka na faida. Kweli, ipo. Wastani hauzuii mtu kushinda Jumanne. Lakini mpango haukuwekwa kwa ajili ya Jumanne. Umewekwa kwa ajili ya tarehe 29.

Tarehe 29 mwezi uliopita alikuwa amefikisha 4,400,000. Meneja akamwandikia: "Kaka yangu, umebakiza laki sita tu, usiache Dhahabu iende." Ukiipigia hesabu peke yake, hatua hiyo ya mwisho inaonekana ina faida. Kuzungusha 600,000 kunagharimu kwa wastani kama 16,000, na zawadi ina thamani ya 19,500. Ujanja wote umelala hapo. Hatua ya mwisho siku zote huonekana rahisi kwa kuwa ile mirefu ya nyuma umekwisha kuilipia. Na kwa sababu muda ulikuwa umebana, hakucheza dau lake la 5,000. Aliweka 20,000 kila mara ili amalize haraka, mara 30 tu. Ukicheza mara 30 wastani hauna nafasi ya kukaa sawa, unaweza kupaa au kuzama. Alizama 180,000. Dhahabu aliipata. Tarehe 1 kaunta ikarudi sifuri.

Kwa hiyo ukiuliza vya bure vinamfanyaje mtu atumie zaidi, usitafute kwenye zawadi, itafute kwenye kizingiti na tarehe. Zawadi yenyewe haimwongezei mtu hamu kubwa. Kinachomsukuma ni kuona kitu ambacho tayari ni chake kinataka kuondoka.

Sasa huyu meneja. Neno "wangu" ndilo linalodanganya. Nina rafiki aliyewahi kufanya kazi hiyo, na anasema skrini yake ya asubuhi ilikuwa orodha ya wateja iliyopangwa kwa kitu kimoja: siku tangu mtu alipotuma pesa mara ya mwisho. Aliyefika siku tatu anasalimiwa. Aliyefika siku saba anawekewa kitu. Posho yake ya mwezi ilitegemea pesa zilizoingia kupitia orodha hiyo. Ule ujumbe wa shemeji, "Hujaonekana tangu Jumatano, uko salama? Nimekuwekea 20,000, mwisho saa 6 usiku", haukutokana na binti kumkumbuka. Jina lake lilikuwa limefika juu ya orodha. Simlaumu binti, naye ana kodi ya nyumba. Ila kazi yake inaitwa ofisa mauzo.

Uingereza walilitazama jambo hili kwa karibu. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kwenye kampuni moja, asilimia 2 ya wateja, wale wa VIP, ndio waliotoa asilimia 83 ya pesa zote zilizowekwa. Mwaka huohuo mamlaka yao ya kamari ikaagiza kwamba kabla ya kumpa mtu VIP, kampuni ihakikishe anamudu matumizi hayo, ijue pesa zinatoka wapi, na itazame dalili za madhara. Angalia mpangilio wa agizo: wanamchunguza mteja kama anayehitaji kulindwa, si kama mheshimiwa anayetunukiwa.

Hata uwanjani, VIP A, B na C zina bei iliyochapwa kwenye tiketi. Unaisoma, unakubali au unahamia mzunguko. VIP ya shemeji ina bei vilevile, ila haijachapwa mahali popote, inabidi uitafute kwenye taarifa ya miamala ya simu. Tuliitafuta pamoja. Miezi mitatu: alizotuma 3,140,000, zilizorudi 2,265,000. Alinyamaza kidogo, halafu akasema nisisahau beti za bure. Nikamwambia sijazisahau, zote zimo kwenye zile zilizorudi.

Akaniuliza basi aitweje, kama si mteja mwaminifu. Nikamwambia mteja tu panatosha. Na yule binti akiandika tena, amwite kwa jina lake, au ofisa mauzo, lakini asiseme "meneja wangu" mbele ya dada yangu.