Tani 49 zilizokaa vibaya

Madereva wapya pale Igoma huniuliza kwa nini Fuso ikipita mzani salama, semi yenye uzito ulio ndani ya kiwango inaweza kuzuiwa. Jibu liko kwenye sahani.

Gari la chesisi moja, kama Fuso, lina injini, kebini na bodi kwenye fremu ileile. Likiwa na ekseli tatu, sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu tani 26: nane kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma. Semi ni vyombo viwili, kichwa na trela, na ikiwa na ekseli sita inafika tani 50, kwa sababu ekseli tatu za trela zenye matairi 12 zinaongeza tani 24. Lakini trela haina miguu ya mbele ikiwa barabarani. Mbele yake inalala juu ya kichwa, kwenye sahani ya chuma iliyopakwa grisi, na pini iliyo chini ya trela inaingia kwenye tundu la sahani na kubanwa na taya. Ukishaunga, chuchumaa na tochi: taya ziwe zimeizunguka shingo ya pini, na mwanga usipenye kati ya sahani na tumbo la trela. Ukiona mwanga, pini imekaa juu ya taya, na trela itachomoka. Usiipandishe miguu ya kuegeshea trela kabla ya kuangalia hilo.

Sasa, mzigo. Mwezi uliopita tulipakia mifuko 640 ya saruji, tani 32, kwenda Geita. Vijana walianza kupanga mbele kabisa wakabana vizuri, nyuma pakabaki wazi. Tulipopima: usukani tani 7.4, ekseli za nyuma za kichwa 19.2, trela 22.4. Jumla 49, chini ya 50. Bado gari lilikuwa na kosa, kwa kuwa zile ekseli za kichwa zilizidi 18.

Dereva alitaka tushushe mifuko. Nikamwambia, "Hapana kaka, tuihamishe tu." Kutoka kwenye pini hadi katikati ya ekseli za trela ilikuwa mita nane. Tukachukua mifuko 40, yaani tani mbili, tukairudisha nyuma mita sita. Mbili mara sita, gawanya kwa nane: tani moja na nusu ikatoka kwenye sahani ikaenda kwenye trela. Sahani yetu imefungwa mbele kidogo ya katikati ya ekseli za kichwa, hivyo usukani nao ulipungukiwa kidogo.

Tukapima tena: 7.2, 17.9, 23.9. Jumla ileile, 49. Kwenye trela imebaki kilo 100 tu kufikia kikomo, kwa hiyo nilimzuia dereva asiongeze hata gunia la dagaa kule nyuma.