Wokshiti ya ngazi ni nini? Tuchukue grafu ya maji kujaa na kupwa

Watu wengi wakiskia wokshiti ya ngazi wanadhani ni kutunga mitihani mitatu, rahisi kwa wale wa nyuma, wa kati kwa wengi na mgumu kwa wale wawili watatu wanaomaliza mapema alafu wanaanza kusumbua wenzao. Hapana. Wokshiti ya ngazi ni kazi moja, grafu moja, lengo moja, ila njia ya kufikia jibu ndo inatofautiana, mmoja unampa ngazi yenye vipandio vingi vya karibu karibu na mwingine unamwachia viwili tu apande mwenyewe. Ukibadilisha grafu yenyewe ukampa huyu ya kitoto na yule ya kweli hapo umeshagawa darasa mara mbili, na siku ya kusahihisha ubaoni hamna cha kuongea pamoja.

Mimi nafundisha kidato cha kwanza hapa Tanga na grafu ninayoipenda ni ya kina cha maji ya bahari siku ya bamvua, yani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kwa sababu hata mtoto asiyejua mhimili ni nini ameshaona maji yakiondoka Sahare mpaka ngalawa zimekaa mchangani. Namba nimezitunga mwenyewe ila zinaendana na bamvua ya huku kwetu, ambapo maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Zipo hivi: 04:00 mita 3.8, 06:00 mita 3.0, 08:00 mita 1.2, 10:00 mita 0.4, 12:00 mita 1.0, 14:00 mita 2.6, 16:00 mita 3.8, 18:00 mita 3.2. Muda unakaa mhimili wa mlalo, kina mhimili wa wima, mraba mkubwa mmoja ni mita 1 na umegawanywa vijimraba 5.

Hivyo vijimraba 5 nimeviweka makusudi. Mtoto ameshazoea rula, kwenye rula kila kimstari ni sehemu ya kumi, sasa akiona nukta ipo vijimraba vitatu juu ya 2 anaandika 2.3 bila kufikiri, wakati kila kimraba ni 0.2 na jibu ni 2.6. Ukiona 2.3 kwenye daftari usiandike kosa ukapita, hiyo 2.3 inakwambia kabisa kwamba huyu nukta ameiona vizuri, mhimili ameufuata vizuri, skeli tu ndo hajaihesabu. Akiandika 14 kwenye swali la kina, huyo ni mwingine kabisa, amechanganya mihimili. Kwaiyo siku moja kabla nawapa maswali matatu ya dakika tano kwenye grafu nyingine ndogo, na makosa yao ndo yananiambia nani apewe karatasi ya msaada, nani ya kati na nani ya changamoto, sio maksi za mtihani wa muhula uliopita wala sura ya mtu.

Karatasi ya msaada ina grafu ileile, ila swali la kwanza sio "kina ni ngapi saa 14:00". Swali la kwanza ni "kutoka 0 mpaka 1 kuna vijimraba vingapi, basi kimoja ni mita ngapi?" Alafu nukta moja nimeshaichorea mistari ya nukta nukta, mmoja unashuka mpaka kwenye muda na mwingine unaenda kushoto mpaka kwenye kina, nukta ya pili nimechora mstari mmoja anamalizia mwenyewe, ya tatu hana kitu. Hapo pa tatu ndo penyewe, msaada usipopungua ndani ya karatasi hiyohiyo mtoto anajifunza kufuata mistari yako tu, grafu hajaisoma.

Alafu kuna jambo la saa ambalo lilinipiga chenga mwaka wa kwanza, yani nilipata majibu ya ajabu darasa zima nikadhani hawajaelewa kitu. Nimeuliza maji yamekupwa zaidi saa ngapi, wanaandika saa kumi, mimi nawapa vema, kumbe nikiwauliza kwa mdomo wanamaanisha saa kumi ya jioni! 10:00 ya kwenye grafu ni saa nne asubuhi kwa mdomo wetu, sasa mtoto wa mvuvi anaona grafu inasema maji yamekupwa saa kumi jioni siku ya bamvua, anajua ni uongo, anaacha kuiamini grafu. Siku hizi karatasi ya msaada ina saa za Kiswahili chini ya mhimili, na maneno kama kupanda, kushuka na kina nimeyaandika pembeni kwa lugha zote mbili maana maswali ya sekondari yanakuja kwa Kingereza, na mara nyingi kinachomkwamisha mtu ni sentensi, grafu haijamshinda.

Karatasi ya kati sina mengi ya kusema, inauliza kulinganisha: ni kati ya saa ngapi na saa ngapi maji yalishuka kwa kasi zaidi? Jibu 06:00 mpaka 08:00, mita 1.8 kwa saa mbili, sawa na mita 0.9 kwa saa, na wanatakiwa waone kwamba hapo ndo mstari umesimama wima kuliko kwingine.

Changamoto watu wanaikosea sana. Wanaongeza maswali kumi ya aina ileile, yani anayewahi kumaliza anaadhibiwa kwa kupewa kazi zaidi. Changamoto ni kufikiri tofauti. Yangu inasema hivi: mashua iliyopakia haivuki fungu la mchanga mpaka maji kwenye grafu yafike mita 1.6, ni muda gani nahodha hawezi kupita? Hapa kina unakijua na muda ndo unatafutwa, tena mara mbili maana mstari unakatiza 1.6 ukishuka na ukipanda, na hakuna nukta pale, lazima usome katikati ya nukta. Inatoka kama 07:30 hivi mpaka 12:45, na nakubali kosa la robo saa. Anayeleta muda mmoja tu amesoma upande wa kushuka akaridhika.

Swali la mwisho: kesho alfajiri maji yatajaa saa ngapi? Karibu wote wa changamoto waliandika 04:00, kwa sababu grafu inaonyesha kilele 04:00 na kingine 16:00, tofauti ya saa 12 kamili. Sasa kijana mmoja aliyekuwa na karatasi ya msaada, bado anahangaika na vijimraba, akasikia wanabishana akasema hapana, kesho ni karibu saa kumi na moja, maji kila siku yanachelewa. Na yuko sahihi, kutoka kujaa mpaka kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa siku inakuwa kama dakika 50. Grafu yetu ina nukta kila baada ya saa mbili kwaiyo kilele cha jioni cha 16:25 hivi kimepita katikati bila kuonekana. Nikawaambia wa changamoto wachore upya sehemu ya 16:00 mpaka 18:00 mstari upande kidogo kwanza ndo ushuke, na yule kijana akawasimamia.

Wiki iliyofuata kwenye grafu ya mvua nilimpa karatasi ya kati. Na karatasi zenyewe siandiki msaada wala changamoto juu yake, naweka kialama kidogo kwenye kona, maana mara ya kwanza niliandika A, B na C na kabla ya kengele C walikuwa wameshapewa jina la utani.